Shajara ya mradi: mafaili 60 mbele ya kamati ya maadili

Wiki ya 1

Swali letu ni fupi. Mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua, je, anapata antibiotiki ya kinga kabla ngozi haijapasuliwa? Kigezo si chetu. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi hiyo itolewe kabla ya mkato, dakika 30 hadi 60, si baada ya kitovu kubanwa kama ilivyozoeleka zamani kwa kuhofia dawa isimfikie mtoto. Wembe unapoingia, dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye nyama ya mahali panapokatwa. Ikichelewa, vijidudu vimeshatangulia. Tumekubaliana kuhesabu kuwa sawa kila dozi iliyotolewa ndani ya dakika 60 kabla ya mkato, na tutasoma mafaili 60 yanayofuatana bila kuchagua.

Leo nilikwenda chumba cha kumbukumbu kuomba mafaili matano tu, nijaribu fomu yangu. Mtunza kumbukumbu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Daktari, kibali kiko wapi?" Nikamwambia ni majaribio, mradi wenyewe bado. Akasema, "Hayo matano nayo ni ya wagonjwa."

Nilitoka nimeudhika kidogo, na hadi nafika wodini nilikuwa nimekubali kwamba yeye ndiye aliye sahihi. Kufungua faili la mgonjwa nisiyemhudumia, kwa sababu isiyo matibabu yake, ndiko huko huko kunakoombewa kibali. Kuyaita majaribio hakubadilishi kitu. Basi nimechukua fomu tupu za chumba cha upasuaji, zile ambazo hazijaandikwa jina la mtu, nikaangalia kila taarifa ninayoitaka huandikwa kwenye kisanduku kipi. Saa ya mkato ina kisanduku chake. Saa ya antibiotiki haina. Huandikwa kwa mkono kwenye mstari wa dawa, na nahisi hapo ndipo tutakapokwama.

Mwenzangu, muuguzi mkunga tunayeshirikiana naye, ameuliza kama kweli tunalazimika kwenda kamati. Huu ni ukaguzi wa kitabibu, si utafiti: hakuna dawa mpya, hakuna kura ya kuwagawa wagonjwa, tunapima tu kama tunafanya tulichokubali kufanya. Ana hoja, na zipo taasisi ambazo ukaguzi wa namna hiyo huishia kwa mkuu wa idara. Lakini tumeshasema wenyewe kwamba matokeo yakiwa na maana tutayaandika yasomwe nje ya hospitali. Jarida litauliza barua ya kamati, na kamati kwa kawaida haitoi ruhusa kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo tunakwenda sasa. Katika sentensi ya kwanza ya muhtasari nimeandika hivi: "Huu ni ukaguzi wa huduma kwa kutumia mafaili yaliyopo, tunaomba kamati iamue yenyewe kama unahitaji mapitio kamili au ya haraka." Sikutaka kuwaamulia.

Wiki ya 2

Fomu ya kukusanyia taarifa ilikuwa na vipengele 23. Leo ina vinane.

Tulikaa na kalamu nyekundu, na kwa kila kipengele tukaulizana: jibu la swali letu litabadilikaje tukikikosa? Tarehe ya kuzaliwa ilikwenda mara moja. Umri nao ukaenda, maana muda wa dozi hautofautiani kwa mama wa miaka 19 na wa 34. Makazi, idadi ya mimba, hali ya VVU, uzito wa mtoto, vyote vikafutwa. Hali ya VVU ndiyo iliyotuchukua muda. Mwenzangu aliona ingefaa kwa baadaye, pengine kuna la kujifunza. Nikamwomba aniandikie sentensi moja ya kuiambia kamati kwa nini tunaihitaji. Alijaribu mara mbili, kisha akaikata mwenyewe. "Baadaye" si sababu ambayo unaweza kumpa mtu ambaye siri yake ndiyo unayoichukua.

Maambukizi ya kidonda yaliniuma kuyafuta, kwa sababu ndiyo tunayoyazuia. Lakini mama akipata usaha siku ya nane anaweza kwenda kituo kingine kilicho karibu naye, na faili letu halitajua. Tungeandika "hakuna maambukizi" mahali ambapo ukweli ni "hatujui". Tena mafaili 60 hayatoshi kuonyesha tofauti ya jambo lisilotokea mara nyingi. Kwenye muhtasari nimeeleza wazi kwamba tunapima utoaji wa dawa, hatupimi matokeo yake.

Vilivyobaki ni hivi: namba ya siri ya faili, zamu (mchana au usiku), upasuaji wa dharura au uliopangwa, dozi ilitolewa au la, jina la dawa, dakika kati ya dozi na mkato, kama mzio umeandikwa, na sababu ya kuchelewa ikiwa ipo. Tarehe haimo kabisa. Tarehe moja ukiiweka pembeni ya rejista ya upasuaji, jina linajitokeza.

Wiki ya 3

Rasimu ya kwanza ya muhtasari ilirudishwa na daktari mkuu wa idara yetu, mama mmoja aliyewahi kukaa katika kamati za namna hii. Alikuwa amepigia mstari sentensi moja tu: "Taarifa zitakuwa hazina utambulisho wa mgonjwa."

"Mtatunza orodha ya namba na majina?" aliuliza.

"Ndiyo, kwa ajili ya kurudia kuhakiki."

"Basi zina utambulisho. Mmeuweka kwenye droo nyingine tu."

Sikuwa na la kujibu. Tulikuwa tumechanganya mambo mawili ambayo kamati huyatofautisha kwa makini. Taarifa zenye namba ya siri ni zile ambazo jina limeondolewa lakini uko ufunguo, yaani orodha inayooanisha namba na jina, hivyo yupo anayeweza kurudi hadi kwa mgonjwa. Taarifa zisizo na utambulisho ni zile ambazo hakuna awezaye kurudi, hata sisi. Ukisema za kwanza ni za pili, umeiambia kamati jambo lisilo kweli, hata kama hukukusudia.

Hapo rahisi ingekuwa kuuacha ufunguo kabisa. Tuliufikiria mchana mzima. Bila ufunguo hatuwezi kurudi kuhakiki dakika zinazotia shaka, na kuna sababu kubwa zaidi: tukikuta kwenye faili jambo ambalo bado linamhatarisha mama huyo, tutampataje? Ufunguo ndio hatari kubwa ya mradi huu kwa usiri wa mgonjwa, na ndio njia pekee ya kumfikia akihitaji kufikiwa. Kwa hiyo unabaki, ila maisha yake yawe mafupi na yajulikane mwisho wake.

Aya iliyoandikwa upya ni hii:

"Kila faili litapewa namba kutoka K01 hadi K60. Ufunguo utaandikwa kwenye karatasi, nakala moja tu, na kufungiwa kabatini kwa mtunza kumbukumbu, ambaye hatakuwa na lahajedwali. Wakusanyaji watakuwa na lahajedwali, lakini hawatakaa na ufunguo. Katika kipindi hiki taarifa ni za namba ya siri, na bado zinaweza kumtambulisha mgonjwa. Ufunguo utachanwa mbele ya mashahidi wawili mara baada ya kuhakiki mafaili 6 kwa mara ya pili na kushughulikia jambo lolote la haraka, na kwa vyovyote si zaidi ya wiki 6 tangu faili la mwisho kusomwa."

Ni ndefu kuliko sentensi ya kwanza. Ila mjumbe wa kamati asiye tabibu anaweza kuisoma akajua karatasi iko wapi, nani ana ufunguo wa kabati, na lini itatoweka.

Wiki ya 4

Ridhaa. Hatuombi ridhaa ya kila mama, tunaomba kamati itusamehe tusiiombe. Rasimu ilisema tu kwamba "itakuwa vigumu kuwapata". Ugumu wetu peke yake si hoja. Kila mtu ana kazi nyingi.

Mwongozo wa maadili ya utafiti wa 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, katika kipengele cha 10, unataka mambo matatu yatimie kwa pamoja: kazi isiwezekane au isitekelezeke bila msamaha huo, iwe na faida ya kweli kwa jamii, na hatari kwa wahusika isizidi ile ndogo kabisa. Tumejibu moja moja, na la kwanza ndilo lililotupa kazi.

Mama ameshatoka hospitali. Namba ya simu iliyoko kwenye faili mara nyingi si yake, ni ya aliyemsindikiza. Nikipiga na kusema natoka hospitali kuhusu upasuaji wa fulani, nimeshamwambia mtu mwingine jambo ambalo pengine mama hakutaka alijue. Kule kutafuta ridhaa kunavunja siri zaidi ya kusoma fomu ya upasuaji. Halafu tutakaowapata kwa urahisi ni wale ambao mambo yao yalikwenda vizuri. Waliopoteza mtoto, au waliohamishiwa kwingine, hawatapatikana, nao pengine ndio waliopasuliwa kwa haraka bila dawa kutangulia. Matokeo yetu yangependeza kuliko ukweli.

Hatari iliyobaki ni moja, ya siri kuvuja, na tumeieleza kwa jina lake. Sikuandika "hakuna hatari yoyote". Nimeona maandiko ya wenzetu yakirudishwa kwa maneno hayo matatu.

Wiki ya 5

Tumewasilisha: muhtasari wa kurasa mbili, fomu ya vipengele vinane, barua ya mkuu wa idara, barua ya mtunza kumbukumbu kukubali kutunza ufunguo, na ahadi ya usiri iliyosainiwa na sisi wawili. Tumeambiwa tusubiri kikao.

Wiki ya 8

Majibu yamekuja. Hawajakataa, wana maswali matatu. La tatu ni dogo: nani anaijua nywila ya lahajedwali? Sisi wawili, na lahajedwali limewekwa kwenye kompyuta moja ya idara isiyobebwa nyumbani. Mawili ya kwanza ni mazito.

La kwanza: "Mmeeleza vizuri mtakavyomlinda mgonjwa. Mtawalindaje watumishi?"

Hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Watoa dawa za usingizi kwetu ni watatu, na wao ndio wanaochoma antibiotiki hiyo. Mwenye ratiba ya zamu mkononi, akiona dozi iliyochelewa na siku yake, anajua ni nani. Mtumishi huyo hakuulizwa wala hakuambiwa kwamba kazi yake inapimwa, na matokeo yakimfikia bosi mwenye hasira yanaweza kumgharimu. Mgonjwa si mhusika pekee katika faili. Kila saini iliyomo ni mtu.

Tumejibu kwamba jina na saini ya mtumishi havichukuliwi, tarehe haimo, na zamu imegawanywa mara mbili tu, mchana na usiku, ambazo wote watatu huzipokea kwa mzunguko. Tumeongeza jambo ambalo lingepaswa kuwemo tangu mwanzo: kabla ya kufungua faili la kwanza tutakaa na watumishi wa chumba cha upasuaji tuwaeleze tunapima nini na hatupimi nini, na matokeo yatafika kwao kabla ya kufika kwa uongozi.

La pili: "Mkikuta mgonjwa aliyedhurika, mtafanya nini?"

Tulikuwa tumeandika "tutatoa taarifa kwa mamlaka husika". Mamlaka ipi, kwa nani, ndani ya muda gani, hatukusema. Jibu jipya linatenganisha hali mbili. Jambo lililokwisha, mfano dozi iliyochelewa kwa mama aliyepona, litaingia kwenye hesabu ya jumla tu. Jambo ambalo hatari yake bado ipo, mfano mzio wa dawa ambao mama mwenyewe hakuandikiwa kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani, litapelekwa kwa mkuu wa idara ndani ya saa 24 kwa namba ya siri. Yeye ndiye atakayekwenda kwa mtunza kumbukumbu kupata jina, na yeye au daktari wa mama huyo ndiye atakayemtafuta. Mkusanyaji hatampigia mgonjwa simu.

Wiki ya 11

Kibali kimetoka. Kina namba, tarehe ya kwisha, na sharti: badiliko lolote la mpango lipelekwe kwanza, na kasoro yoyote iripotiwe ndani ya siku 3 za kazi. Tumekibandika ndani ya mlango wa kabati.

Wiki ya 12

Tumekaa na watumishi wa chumba cha upasuaji. Mmoja wa watoa dawa za usingizi aliuliza kama tutaandika pia kwamba wakati mwingine dawa huletwa kutoka stoo mama akiwa ameshalazwa mezani. Ndiyo, tutaandika, na ndiyo kazi ya kipengele cha nane. Nadhani baada ya hapo walituamini.

Kisha ukusanyaji ukaanza, na uamuzi wa kutochukua tarehe ukadai gharama yake. Dozi iliandikwa saa 23:40 na mkato saa 00:15. Lahajedwali lilitoa moja kwa nyingine likatupa dakika hasi 1405, kana kwamba dawa ilitolewa karibu siku nzima baada ya mkato. Bila tarehe, kompyuta haijui kwamba usiku wa manane umepita katikati.

Tulirekebisha kwa kanuni ambayo matokeo yake hukaa kati ya saa 12 kabla na saa 12 baada ya mkato. B2 ni saa ya dozi, C2 ni saa ya mkato:

```
=IF(COUNT(B2:C2)<2,"",ROUND(MOD(C2-B2+0.5,1)*1440-720,0))
```

Kwa mfano ule inatoa 35, ambayo ni sahihi. Dozi ya 10:20 na mkato wa 10:05 inatoa hasi 15, yaani dawa ilitanguliwa na wembe. Sehemu ya mwanzo, ile ya `COUNT`, tuliiongeza siku ya pili. Kisanduku kitupu lahajedwali hukisoma kama sifuri, na sifuri ni saa sita kamili usiku, kwa hiyo mama ambaye saa ya dozi yake haikuandikwa alikuwa akipewa dakika za uongo zinazofanana na za kweli. Kanuni hii ina mpaka wake: dozi iliyotolewa saa 14 kabla ya mkato itasomeka kama saa 10 baada ya mkato. Ndiyo maana kila jibu linalozidi dakika 240 upande wowote tunalirudia kwa macho kwenye faili.

Dakika zikishahakikiwa, safu mbili za saa zinafutwa. Saa kamili ya mkato nayo ipo kwenye rejista.

Wiki ya 13

Leo mwenzangu alipiga picha ukurasa mmoja wa fomu ya upasuaji kwa simu yake. Faili lilihitajika wodini haraka, mwandiko ulikuwa mgumu, akaona atausoma baadaye. Jioni alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, na sauti yake ilionyesha ameshaelewa.

Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini ukurasa ule una jina, namba ya faili na tarehe, vyote vitatu ambavyo tuliahidi havitatoka chumba cha kumbukumbu. Picha ya simu haikai kwenye simu tu. Tuliifuta kwenye albamu, kisha kwenye folda ya vilivyofutwa, ambako ingekaa siku nyingi zaidi, kisha tukafungua hifadhi yake ya mtandaoni na kuikuta imeshapanda huko yenyewe. Tukaifuta huko pia, na kwenye kapu la takataka la huko. Hakuwa amemtumia mtu.

Barua kwa kamati imeandikwa usiku huu, aya nne: kilichotokea, kilichokuwa kwenye picha, ilikofika na jinsi ilivyofutwa, na tutakachobadilisha. Tunachobadilisha ni kidogo. Simu zinaachwa kwa mtunza kumbukumbu mlangoni, na faili likihitajika wodini linaondoka, namba yake inawekewa alama ya "kurudiwa".

Mwenzangu aliuliza kama jina lake liandikwe. Nilimwambia tuandike "mmoja wa wakusanyaji". Sisi ni wawili tu, kamati inatufahamu sote, na saini chini ya barua ni za wote wawili.

Wiki ya 14

Kamati imepokea barua, imekubali hatua zetu, kazi iendelee.

Na jambo la pili la wiki hii ndilo lililonifanya nishukuru kwamba ufunguo upo. Katika faili moja, karatasi ya kulazwa inasema mama ana mzio wa penisilini. Karatasi ya upasuaji inaonyesha alipewa ampisilini, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo. Hakuna dhara lililoandikwa. Lakini kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kisanduku cha mzio ni kitupu, na hiyo ndiyo anayoonyesha kila anapokwenda kutibiwa. Namba ya faili siiandiki hapa.

Nilimpelekea mkuu wa idara namba ya siri saa ile ile. Alipata jina kwa mtunza kumbukumbu, nami sikuliuliza. Siku mbili baadaye aliniambia mama amepatikana kupitia kliniki ya mtoto, ameelezwa, na kadi yake imeandikwa. Vilevile anachunguzwa kama mzio ni wa kweli, kwa kuwa wengi walioambiwa wana mzio wa penisilini hawana.

Wiki ya 16

Hesabu. Kati ya mafaili 60, manne hayakupatikana. Tumesoma 56. Katika hayo, 11 yalikosa saa ya dozi au ya mkato, na hakuna hata moja lililosema wazi kwamba dawa haikutolewa. Yaliyobaki, yenye saa zote mbili, ni 45: dozi 31 zilikuwa ndani ya dakika 60 kabla ya mkato, 5 zilitolewa mapema mno, na 9 zilitolewa baada ya mkato.

Sasa asilimia ipi tuiripoti? 31 kwa 45 ni asilimia 69. 31 kwa 56 ni asilimia 55. Ya kwanza inachukulia kwamba wasioandikwa saa wanafanana na walioandikwa. Ya pili inachukulia kwamba wote 11 walikosa dawa kwa wakati. Sidhani kama yoyote ni kweli kamili. "Haikuandikwa" si "haikutolewa", wala si "ilitolewa sawa". Tumeziweka zote mbili sentensi moja, pamoja na sababu, na tumesema kwamba pengo la uandishi lenyewe ni matokeo ya ukaguzi.

Kisha tulitaka kuonyesha zile 9 zilizochelewa ziligawanyikaje kati ya mchana na usiku. Kwenye muhtasari tuliahidi kutochapisha idadi yoyote ya wagonjwa iliyo chini ya 5, kwa sababu kundi dogo humtambulisha mtu kwa wanaomjua, na kundi moja kati ya hayo mawili lilikuwa dogo hivyo. Mwenzangu akapendekeza tuweke kinyota badala ya namba hiyo. Lakini jumla ni 9, na namba ya kundi la pili ikionekana, msomaji anatoa tu na kinyota kinafunguka. Ukificha namba moja katika safu yenye jumla, lazima ufiche na nyingine. Tumeandika kwa maneno: nyingi zilikuwa za dharura za usiku. Inatosha kwa anayetaka kurekebisha huduma.

Sababu zilizoandikwa kwa mkono ni chache, na karibu zote zinasema jambo alilolisema yule mtoa dawa za usingizi: dawa haikuwa chumbani.

Wiki ya 17

Mafaili 6 yamehakikiwa upya na mtu ambaye hakuyasoma mara ya kwanza. Saa zililingana katika matano. La sita lilitofautiana kwa saa 12: mwandishi aliandika 10:15 bila kuonyesha ni asubuhi au usiku, na msomaji wa kwanza alichukua asubuhi. Karatasi ya usingizi ya faili hilo ilionyesha usiku. Tumerudi kwa yote yaliyoandikwa namna hiyo, hakuna jingine lililobadilika. Faili hilo lilikuwa limehesabiwa kwenye 31, na limebaki humo, kwa kuwa dozi na mkato vyote viliandikwa kwa mtindo huo huo. Kilichobadilika ni zamu.

Matokeo tumewasomea watumishi wa chumba cha upasuaji leo mchana. Wao ndio waliopendekeza dozi iwekwe kwenye trei ya vifaa vya usingizi kila zamu inapoanza, na kisanduku cha saa ya antibiotiki kichapwe kwenye fomu, juu ya kile cha mkato.

Wiki ya 18

Ufunguo umechanwa saa nne asubuhi, mbele ya mtunza kumbukumbu na mkuu wa idara, wiki ya nne tangu faili la mwisho kusomwa. Mtunza kumbukumbu aliihesabu mistari kwanza, 60, akasaini, kisha akachana. Sasa ndiyo naweza kuandika ile sentensi niliyoiandika mapema mno wiki ya tatu, na hata hivyo nimeiandika kwa kiasi: "Watafiti hawawezi tena kuoanisha taarifa na mgonjwa."

Ripoti ya mwisho imekwenda kwa kamati leo, pamoja na barua ya picha na jibu lake kama viambatisho. Tumeomba ruhusa ya kurudia ukaguzi baada ya miezi 6, kwa fomu mpya yenye kisanduku.